Kwa nini buruji haina re? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na vijana wanaojifunza kupuliza, wazazi wao, na wanakwaya wanaoshangaa kwamba chombo chenye sauti kubwa namna hiyo kina noti chache kuliko filimbi ya plastiki. Naandika buruji nikimaanisha tarumbeta dogo la jeshini lisilo na vali wala tundu la kidole. Majina ya noti nimeyaweka kwa do-re-mi, maana ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa kwaya.

## Mambo ya msingi

Buruji ina noti ngapi?

Zinazotumika kweli ni tano. Ukianzia chini ni do, kisha so, kisha do ya juu, mi, na so ya juu. Milio karibu yote ya kambini, ya kuamsha, ya kuita chakula, ya kulaza na ya kuagia marehemu, imetungwa kwa noti hizo tano au pungufu yake. Mpigaji mwenye midomo imara anaongeza do nyingine juu kabisa. Katikati kuna pengo tu: hakuna re, hakuna fa, hakuna la.

Sauti inatoka wapi, kwenye shaba au kwenye midomo?

Inaanzia midomoni. Mpigaji hapulizi hewa tupu. Anabana midomo halafu anasukuma pumzi hadi midomo itetemeke, kama mtoto anayeigiza mlio wa pikipiki. Kazi ya shaba ni kulifunga bomba la hewa. Kinachotetemeka ndani ya bomba ni hewa yenyewe, na hewa hiyo ndiyo inayoamua midomo itetemeke kwa kasi ipi.

Lipo jaribio ambalo huwa nalifanya siku ya kwanza kabisa. Chomoa kikombe cha kupulizia, kipulize peke yake, na ukaze midomo polepole. Utasikia mlio kama wa mbu ukipanda kwa mteremko laini, bila ngazi yoyote. Sasa kirudishe kwenye buruji na ufanye vilevile. Mteremko unakatika: sauti inang'ang'ania noti moja, halafu inaruka ghafla hadi nyingine. Midomo ni ileile na mpigaji ni yuleyule, kilichoongezeka ni bomba tu.

Bomba linaikatazaje midomo kutoa noti ya katikati?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo tuende taratibu.

Midomo inapofunguka, inaachia mshindo mdogo wa hewa. Mshindo huo unasafiri hadi mwisho wa bomba, kwenye kinywa kipana. Sehemu ndogo inatoka nje, nayo ndiyo tunayoisikia. Sehemu kubwa inarudi ndani kama mwangwi hadi midomoni. Katika buruji ya Kiingereza, ile ya si-bemoli, yaani ambayo do yake inaangukia si-bemoli ya kinanda, safari ya kwenda na kurudi inachukua kama sehemu moja ya 117 ya sekunde.

Mshindo unaorudi ukiikuta midomo ikiwa tayari kufunguka, unaisaidia kufunguka. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, bembea inapaa. Ukiikuta midomo ikijifunga, unaivuruga, na mtetemo unakufa au unahamia kwingine.

Jiulize sasa, midomo inaweza kufunguka mara ngapi katika safari moja ya mshindo na bado ikutane nao kwa wakati? Mara moja, ndiyo. Mara mbili, tatu, nne, ndiyo. Mara mbili na nusu, hapana, maana mshindo utarudi midomo ikiwa imefumba. Kwa hiyo hewa ndani ya bomba inakubali tu mitetemo ambayo ni 117 mara namba kamili. Orodha hiyo ya 1, 2, 3, 4, 5 na kuendelea ndiyo inayoitwa mfululizo wa haromoni.

Namba hizo zinakuwaje do na so?

Sikio letu linasikia uwiano baina ya sauti mbili, si tofauti ya hesabu baina yao. Mitetemo ikiongezeka mara mbili, tunasikia noti ileile oktavu moja juu. Ikiongezeka kwa uwiano wa 2 kwa 3, tunasikia hatua ya kutoka do hadi so. Hivi ndivyo inavyokuwa kwa buruji ya si-bemoli, kwa mitetemo kwa sekunde:

| Haromoni | Mitetemo | Noti |
|---|---|---|
| 1 | 117 | do ya chini kabisa |
| 2 | 233 | do |
| 3 | 350 | so |
| 4 | 466 | do |
| 5 | 583 | mi |
| 6 | 699 | so |
| 7 | 816 | ta iliyoshuka |
| 8 | 932 | do |

Angalia jinsi hatua zinavyosongamana kadiri unavyopanda. Kutoka namba 2 hadi 3 ni nusutoni saba. Kutoka 3 hadi 4 ni tano, kisha nne, kisha tatu. Nyongeza ya mitetemo ni ileile kila mara, karibu 117, lakini uwiano unapungua. Ndiyo maana chini kuna mapengo makubwa na juu noti zimebanana.

Haromoni si zile sauti ndogondogo zilizomo ndani ya noti moja?

Ni hizo pia, na wengi huchanganyikiwa hapa. Mpigaji akishika do ya mitetemo 233, sauti inayotoka ina 233, na ndani yake 466, 699, 932 na zaidi, zote kwa pamoja. Mchanganyiko huo ndio unaolipa tarumbeta mng'ao wake. Lakini katika ukurasa huu tunazungumzia haromoni za bomba, yaani ngazi ambazo mpigaji anaweza kusimama, moja kwa wakati mmoja. Hesabu zinafanana kwa kuwa chanzo ni kimoja, ila akichagua namba 3 basi noti anayopiga ni so, si do yenye so ndani yake.

## Noti moja moja

Kwa nini namba 1 haipigwi?

Kwa mtetemo wa polepole kiasi hicho midomo inatakiwa ilegee sana, na bomba la buruji halishiki vizuri chini huko. Sauti inatoka dhaifu, yenye kutetereka. Buruji ni chombo cha kusikika ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo noti isiyofika haina kazi.

Mi ya buruji mbona inasikika imeshuka ukiilinganisha na kinanda?

Imeshuka kweli, na kosa si la mpigaji. Namba 5 inaangukia mitetemo 583, wakati kinanda kinaiweka noti hiyo 587. Kinanda kimegawa oktavu katika nusutoni kumi na mbili zilizo sawa, na kwa mgawo huo mi imesogezwa juu kidogo. Bomba halijui mgawo huo. Linafuata uwiano wa 4 kwa 5 kwa 6.

Kwaya nzuri inayoimba bila kinanda huielekea mi hiyohiyo ya buruji bila kuambiwa, kwa sababu do, mi na so zenye uwiano huo zinatulia pamoja. Buruji ikipigwa peke yake, binafsi naiona mi yake ni tamu. Tatizo linakuja ikipigwa pamoja na kinanda, na hapo mpigaji hukaza midomo kidogo kuipandisha.

Na namba 7?

Hiyo ni noti yatima. Iko kati ya la na ti, mahali ambapo wanakwaya wanapaita ta, lakini haifiki. Kinanda kingeiweka kwenye 831, bomba linatoa 816, na upungufu huo unakaribia theluthi ya nusutoni. Sikio lolote linaukamata. Watunzi wa milio ya kijeshi waliiruka, na mwanafunzi akiigusa kwa bahati mbaya wakati anatafuta do ya juu, utamwona yeye mwenyewe amekunja uso.

Nipe mfano wa mlio mmoja mzima.

Chukua *Taps*, mlio wa mazishi wa jeshi la Marekani. Ulipata sura yake ya sasa Julai 1862, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, katika kambi ya Harrison's Landing, Virginia. Jenerali Daniel Butterfield aliurekebisha mlio wa zamani, akampa mpigaji wake Oliver Norton aupulize. Una noti 24 tu, na nikiuandika kwa namba za haromoni unakuwa hivi:

3 3 4, 3 4 5, 3 4 5, 3 4 5, 3 4 5, 4 5 6, 5 4 3, 3 3 4

Wimbo mzima umesimama juu ya namba nne zinazofuatana. Uimbe kwa sauti: so so do, so do mi, na kurudia so do mi, kisha do mi so, halafu kushuka mi do so, na mwisho so so do. Kilele chake, ile so ya namba 6, kinafikiwa mara moja tu, baada ya sikio kuzoeshwa kwamba mi ndiyo dari. Kisha sauti inashuka kwa njia ileile iliyopandia. Aliyebakiwa na noti nne alilazimika kuweka hisia zote kwenye mpangilio na urefu wa noti, na ndiyo maana mlio huu hupigwa polepole, noti za mwisho zikivutwa.

Buruji za Marekani kwa kawaida ni za sol, chini kidogo ya zile za si-bemoli. Mitetemo inabadilika, lakini namba za haromoni hazibadiliki.

Naweza kupiga wimbo wa taifa kwa buruji?

Hapana. Wimbo unaotembea hatua kwa hatua, do hadi re au do hadi ti, unakwama kwenye neno la kwanza au la pili. Re ya kwanza katika mfululizo wa haromoni ni namba 9, ambayo kwa buruji ya si-bemoli inazidi mitetemo 1,000 kwa sekunde. Wapo wanaoifikia, ila ni kwa sekunde chache na kwa jasho, na hapo tayari umeruka oktavu nzima na zaidi juu ya mahali wimbo ulipo. Kwa wimbo wa taifa tafuta tarumbeta lenye vali (tazama swali kuhusu vali hapo chini).

## Kupiga, na kinachoharibika

Nikipuliza kwa nguvu zaidi, noti itapanda?

Nguvu peke yake inaongeza ukubwa wa sauti na ukali wake. Kinachopandisha noti ni midomo kukazwa ili itetemeke haraka zaidi, na pumzi kwenda kwa kasi zaidi kupitia upenyo mdogo zaidi. Mwanafunzi anayepuliza kwa nguvu bila kukaza midomo hubaki kwenye noti ileile, akichoka na kuwachosha majirani.

Kwa nini nakusudia so ya juu, inatoka mi au kitu kingine?

Kwa sababu ya msongamano niliouonyesha kwenye jedwali. Chini, kati ya do na so, midomo inaweza kukosea kidogo na bomba likaivuta hadi noti iliyokusudiwa. Juu, ngazi ziko karibukaribu, na kosa dogo linakutupa kwa jirani. Dawa yake ni kuimba noti kichwani kabla ya kuipuliza. Mimi huwaambia vijana waimbe mlio mzima kwa mdomo kwanza. Asiyeweza kuimba ile so, midomo yake haijui iende wapi.

Siwezi kupinda noti kwa midomo hadi nifike re?

Unaweza kupinda kidogo. Midomo na bomba vinavutana, na mpigaji hodari huweza kuishusha noti nusutoni, lakini sauti inakonda na kupoteza mng'ao kwa sababu mshindo unaorudi hauisaidii tena. Kutoka mi ya namba 5 hadi re ni nusutoni mbili. Ukilegeza midomo kiasi hicho, mara nyingi unaangukia do ya namba 4.

Buruji yangu imetoka nje ya sauti. Nitajuaje tatizo liko wapi?

Sikiliza kama noti zote zimehama pamoja au moja tu.

Zikihama zote kwa kiasi kilekile, bomba lako halina ubaya. Inawezekana ni joto. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20, na karibu 349 kwenye nyuzi 30, kwa hiyo chombo kilichoachwa juani kinapanda kizima kizima. Uwiano wa noti unabaki salama, na mlio ukipigwa peke yake hakuna atakayegundua.

Ikihama noti moja au mbili, chunguza bomba lenyewe. Kila haromoni ina sehemu zake ndani ya bomba ambapo hewa inabanwa zaidi na sehemu ambapo inakimbia zaidi. Bonde lililogongwa mahali fulani linaweza kuishusha namba 5 na kuiacha namba 4 kama ilivyo. Niliwahi kuazima buruji yenye bonde la ukubwa wa kidole gumba karibu na mkunjo wa kwanza. Nilihangaika wiki nzima nikidhani midomo yangu ndiyo mibovu, maana so ya juu ilikataa kutulia huku nyingine zote zikiitika. Fundi alipolitoa bonde, ile so ilirudi siku hiyohiyo.

Noti zote zikiwa nzito kuanza na zenye sauti ya kukwaruza, tafuta tundu kwenye maungio. Mshindo unavuja njiani na haurudi na nguvu zake.

## Maswali ya pembeni

Nimejaribu kwa mpira wa kumwagilia bustani na noti zimetoka tofauti. Kwa nini?

Umegundua jambo zuri. Mpira una upana uleule mwanzo hadi mwisho, na upande mmoja umezibwa na midomo yako. Katika bomba la namna hiyo, mshindo unaorudi unafika umegeuzwa, mkandamizo ukiwa mnyonyo. Unahitaji safari mbili ndipo ukubaliane na midomo. Matokeo yake, noti ya chini kabisa inashuka, na namba shufwa zinatoweka. Mpira wa mita 1.4 utakupa takriban mitetemo 62, 185, 308 na 431, yaani namba 1, 3, 5 na 7.

Buruji imetengenezwa ikipanuka kuelekea mbele, ikiwa na kikombe upande wa midomo na kinywa kipana upande wa pili. Umbo hilo ndilo linalozipanga ngazi zikae 1, 2, 3, 4. Ukichomeka faneli mwisho wa mpira na kikombe cha tarumbeta mwanzo, utasikia noti zikisogea kuelekea mpangilio wa buruji: kinywa kipana kinapandisha noti za chini, na kikombe kinashusha za juu.

Vali zinaongeza nini hasa?

Zinaongeza urefu wa bomba. Ukibonyeza vali, hewa inapitishwa kwenye kipande cha ziada, na unapata buruji nyingine ndefu kidogo yenye mfululizo wake mzima. Vali ya pili inashusha nusutoni moja, ya kwanza mbili, ya tatu tatu. Zote kwa pamoja zinashusha nusutoni sita.

Rudi sasa kwenye jedwali. Pengo kubwa zaidi kati ya noti zinazotumika ni lile la do hadi so, nusutoni saba, lenye noti sita zilizokosekana ndani yake. Vali tatu zinaziba sita hizo bila kubakisha. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali huko Prussia mwaka 1818. Kabla yao, Joseph Haliday wa Ireland alikuwa amepata hataza mwaka 1810 ya buruji yenye matundu na vifuniko, ambayo ilifupisha bomba badala ya kulirefusha.

Mbona wapigaji wa zamani walipiga nyimbo kamili bila vali?

Kwa sababu tarumbeta zao zilikuwa ndefu. Gottfried Reiche, aliyepiga tarumbeta Leipzig enzi za Bach hadi alipofariki mwaka 1734, alitumia chombo cha aina hiyo. Tarumbeta la re la wakati huo lilikuwa na bomba la zaidi ya mita mbili, na namba 1 yake ilikuwa mitetemo 73 tu. Kwa hiyo namba 8 ilikaa karibu 587, mahali ambapo buruji ya si-bemoli iko bado kwenye namba 5.

Kuanzia namba 8 ngazi zimebanana vya kutosha kuunda wimbo: 8 ni do, 9 ni re, 10 ni mi, 12 ni so. Namba 11 ilikuwa msumbufu, imekaa nusu njia kati ya fa na noti inayofuata, na mpigaji alilazimika kuipinda kwa midomo kila ilipotokea. Waliojifunza kufanya hivyo vizuri walikuwa mafundi wa miaka mingi, na wakiishi kwa kazi hiyo.

Siwa na pembe za pwani nazo zinafuata mfululizo huu?

Zinafuata. Siwa za Lamu na Pate hupulizwa kwa tundu la ubavuni badala ya mwishoni, lakini ni midomo inayotetemeka kwenye bomba linalopanuka, na hakuna vali wala tundu la vidole. Umbo la ndani halikuchongwa kwa kipimo cha kiwanda, kwa hiyo ngazi zake haziangukii kwenye 2, 3, 4 kwa usahihi wa buruji. Pembe fupi ya mnyama ina namba 1 iliyo juu tayari, na namba 2 inakuwa mbali mno kwa midomo mingi. Ndiyo maana mpiga pembe hukaa kwenye noti moja, pengine mbili, na kuutengeneza ujumbe wake kwa mapigo na vituo.